Faida ya kiuchumi: namna ya kuikokotoa kutoka vitabuni, na namna ya kuitambua inapopandishwa na uchakavu wa mali

Hesabu ya faida na hasara huondoa malighafi, mishahara, pango na riba ya mkopo, kisha hukiita faida kile kinachobaki. Fedha za wenye hisa hazitozwi kitu humo. Zimo ndani ya mitambo, ndani ya shehena iliyoko ghalani na ndani ya madeni ambayo wateja hawajalipa, lakini vitabu huzichukulia kana kwamba zilitolewa bure. Faida ya kiuchumi husahihisha jambo hilo: huchukua faida ya uendeshaji baada ya kodi, kisha huondoa tozo kwa mtaji wote uliotumika, uwe wa mkopeshaji au wa mwenye hisa. Wazo lenyewe ni la zamani, kwani mchumi Alfred Marshall alilieleza mwaka 1890, ingawa lilisambaa zaidi katika makampuni makubwa kuanzia miaka ya 1990 chini ya jina la kibiashara EVA, lililosajiliwa na washauri wa Stern Stewart.

Kanuni yake ni fupi:

```
Faida ya kiuchumi = faida ya uendeshaji baada ya kodi
                    - (mtaji wa mwanzo wa mwaka x kiwango cha gharama ya mtaji)
```

Ugumu hauko katika kutoa namba moja kwenye nyingine. Uko katika kuamua ni faida ipi na ni mtaji upi, na baadaye katika kusoma jibu kwa uangalifu, kwa sababu jibu hilo linaweza kupanda mwaka hadi mwaka bila biashara kuboreka hata kidogo. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisukuma kuandika mwongozo huu, nami nitaipa nafasi kubwa kuliko nyingine. Tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, nao ni wa kampuni ya kubuni inayotengeneza maboksi ya kufungashia bidhaa. Namba zote ni za mamilioni.

Hatua ya kwanza: safisha faida ya uendeshaji

Kampuni yetu imeuza bidhaa za 2,400 kwa mwaka. Vitabu vyake vinaonyesha faida ya 290 kabla ya riba na kodi, riba ya mkopo ya 60, kodi ya asilimia 30 ambayo ni 69, na faida halisi ya 161.

Usiichukue 290 kama ilivyo. Soma maelezo yanayoambatana na hesabu uone kilichomo ndani yake. Hapa imo riba ya 10 ambayo kampuni ililipwa na benki kwa fedha zake za ziada zilizowekwa katika amana. Hayo si mapato ya kutengeneza maboksi, na kwa kuwa baadaye tutaiondoa amana hiyo katika mtaji, ni lazima riba yake nayo itoke katika faida. Inabaki 280.

Kisha ondoa kodi, lakini si ile 69 iliyolipwa. Kodi iliyolipwa ni ndogo kwa sababu riba ya mkopo ilipunguza faida inayotozwa kodi, na nafuu hiyo itahesabiwa katika hatua ya tatu, ndani ya gharama ya mkopo. Ukiihesabu hapa pia utakuwa umeihesabu mara mbili, na hili ni kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko jingine lolote. Kodi inayotakiwa ni asilimia 30 ya 280, yaani 84. Unaweza kujihakikishia kwa kuanzia upande wa pili: chukua 69, ongeza nafuu ya kodi iliyoletwa na riba ya mkopo, ambayo ni 18, kisha ondoa kodi ya 3 iliyotozwa kwenye riba ya amana. Unapata 84 ile ile. Faida ya uendeshaji baada ya kodi ni 196.

Hatua ya pili: tafuta mtaji uliotumika

Fungua mizania ya siku ya kwanza ya mwaka, si ya siku ya mwisho. Tozo ni malipo kwa fedha zilizokuwa kazini tangu mwaka ulipoanza, na baadaye tutaona kwamba bila kutumia mtaji wa mwanzo hesabu nzima haipatani na thamani ya uwekezaji.

Upande wa mali, kampuni ilianza mwaka na mitambo na majengo ya 1,100, bidhaa na malighafi ghalani za 350, madeni ya wateja ya 400, na fedha taslimu 250. Jumla ni 2,100. Upande wa pili kulikuwa na madeni ya wauzaji wa malighafi pamoja na malimbikizo mengine, jumla 300, mkopo wa benki wa 600, na mtaji wa wenye hisa wa 1,200.

Katika fedha taslimu, 50 ndizo zinazohitajika kuendesha shughuli za kila siku, na 200 ndiyo ile amana tuliyokwisha kuitaja. Mtaji uliotumika ni mitambo na majengo, ghala, wadaiwa na zile 50 za shughuli, kisha unaondoa 300 za wauzaji na malimbikizo. Jibu ni 1,600.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini wauzaji wanaondolewa ilhali nao wametupatia fedha kwa muda. Sababu ni kwamba malipo yao tayari yamo ndani ya bei. Muuzaji anayekubali kulipwa baada ya siku 60 huuza kwa bei inayofidia kusubiri huko, na bei hiyo imekwisha kupunguza faida ya uendeshaji. Kuwatoza tena ndani ya mtaji ni kulipa mara mbili.

Hakikisha jibu kutoka upande wa wafadhili: 600 za benki jumlisha 1,200 za wenye hisa, toa 200 za amana, unapata 1,600. Njia hizi mbili zisipokutana, kuna kipengele ulichokiweka pande zote mbili au ulichokisahau. Kinachosahaulika zaidi ni mikataba ya kukodi mitambo na majengo. Kwa makampuni yanayofuata viwango vya kimataifa vya hesabu, tangu Januari 2019 kiwango cha IFRS 16 kinataka sehemu kubwa ya mikataba hiyo ionekane katika mizania. Haki ya kutumia mali iliyokodiwa ni sehemu ya mtaji, na deni lake lihesabiwe pamoja na mikopo.

Hatua ya tatu: kiwango cha gharama ya mtaji

Gharama ya mkopo ni rahisi kuipata. Benki inatoza asilimia 10, na kwa kuwa riba hupunguza kodi kwa asilimia 30, gharama halisi ni asilimia 7. Hapa ndipo ile nafuu ya kodi ilipo.

Gharama ya fedha za wenye hisa haiandikwi kwenye ankara yoyote. Ni mapato ambayo wangeweza kuyapata kwingineko kwa kubeba hatari inayofanana na hii. Njia ya kawaida ya kuikadiria ni kuanza na mapato ya hati fungani za serikali za muda mrefu, kisha kuongeza fidia ya hatari ya soko la hisa, ambayo huzidishwa kwa kipimo kiitwacho beta kinachoonyesha jinsi hisa za biashara za aina hiyo zinavyoyumba pamoja na soko. Kwa kampuni yetu tuchukue kwamba makadirio hayo yametoa asilimia 16.

Uzito wa kila chanzo utokane na thamani ya sokoni, au na mgawanyo ambao kampuni inakusudia kuudumisha. Kampuni yetu inakusudia theluthi moja iwe mkopo na theluthi mbili ziwe za wenye hisa. Theluthi moja ya 7 pamoja na theluthi mbili za 16 ni asilimia 13.

Hatua ya nne: toa tozo, kisha lijaribu jibu

Asilimia 13 ya 1,600 ni 208. Faida ya uendeshaji baada ya kodi ni 196. Faida ya kiuchumi ni hasi 12. Kampuni ambayo vitabu vyake vinatangaza faida halisi ya 161 haikuzalisha hata kiasi cha kuwatosheleza waliotoa fedha.

Kabla ya kupeleka jibu hili kwenye kikao, gawanya 196 kwa 1,600. Unapata asilimia 12.25, na hicho ndicho kiwango ambacho kingeifanya faida ya kiuchumi kuwa sifuri. Makadirio ya gharama ya fedha za wenye hisa hayana usahihi wa robo tatu ya asilimia. Laiti tungekadiria kiwango cha jumla kuwa asilimia 12, tozo ingekuwa 192 na jibu lingekuwa chanya 4. Kwa hiyo kauli ya haki kuhusu mwaka huu ni kwamba kampuni inakaribia mstari wa kujitosheleza kwa upande wa chini, na yeyote anayesema kwamba imeharibu thamani ya 12 kamili anaipa namba hii uhakika isiokuwa nao. Kinachotegemeka zaidi ni badiliko la kutoka mwaka hadi mwaka, endapo kiwango kimeachwa bila kuguswa.

Faida nyingine ya hesabu hii ni kwamba inaonyesha gharama ambazo vitabu vya kawaida haviwezi kuzionyesha. Wateja walikuwa wanadaiwa 400 dhidi ya mauzo ya 2,400, maana yake wanachukua takriban siku 61 kulipa. Wakilipa kwa siku 45, deni lao litashuka hadi takriban 296, fedha 104 zitarudi, na tozo itapungua kwa 13.5. Badiliko hilo peke yake linatosha kuiondoa kampuni kwenye hasi 12 na kuifikisha chanya 1.5, huku faida ya uendeshaji ikibaki pale pale. Ni sharti tu upime iwapo wateja watakaobanwa hivyo watapunguza manunuzi yao, maana mauzo yakishuka, faida nayo itashuka.

Hatua ya tano: tazama uchakavu unavyofanya kazi ndani ya tozo

Sasa tufike kwenye kiini. Tuchukue kwamba kampuni inafikiria kununua mtambo mmoja wa 400, utakaofanya kazi miaka 4 bila kubakiza thamani yoyote. Baada ya kodi, mtambo utaleta fedha 140 kila mwaka. Kwa kiwango cha asilimia 13, thamani ya leo ya fedha hizo ni 416.43, kwa hiyo mtambo unaongeza thamani ya 16.43 kuliko bei yake. Unafaa kununuliwa.

Tazama sasa faida yake ya kiuchumi. Uchakavu wa mstari ulionyooka ni 100 kwa mwaka, hivyo faida baada ya kodi ni 40 kila mwaka. Mtaji wa mwanzo unashuka kutoka 400 hadi 300, 200 na 100.

```
Mwaka   Faida   Tozo   Faida ya kiuchumi
1        40      52        -12
2        40      39          1
3        40      26         14
4        40      13         27
```

Mtambo haukubadilika. Fedha zilizoingia ni zile zile 140 mwaka baada ya mwaka. Lakini namba imetoka hasi 12 hadi chanya 27 kwa sababu moja tu: thamani ya mtambo vitabuni imeshuka, na tozo imeshuka pamoja nayo. Meneja anayelipwa bonasi kwa faida ya kiuchumi ya mwaka mmoja ataukataa mtambo huu mzuri kwa kuuogopa mwaka wa kwanza, na aliyenao tayari atang'ang'ania kuutumia ukiwa umechoka, kwa kuwa mtaji wake vitabuni umekaribia sifuri.

Hata hivyo, kwa jumla, hesabu haijapotea. Ukizileta namba nne za safu ya mwisho kwenye thamani ya leo kwa kiwango kile kile cha asilimia 13, jumla yake ni 16.43, sawasawa na thamani tuliyoipata kwa kutumia fedha. Hii si bahati. Gabriel Preinreich aliueleza uhusiano huu katika miaka ya 1930, na Wolfgang Lücke akautolea uthibitisho mwaka 1955. Unashika kwa masharti mawili: tozo ihesabiwe juu ya mtaji wa mwanzo wa kipindi, na kila kinachopunguza mtaji vitabuni, isipokuwa fedha zinazorudishwa kwa wenyewe, kipite kwanza kwenye faida. Uchakavu ukigawanywa kwa namna yoyote ile, jumla haibadiliki. Kinachobadilika ni mwaka upi unaopewa sifa na mwaka upi unaobebeshwa lawama.

Hatua ya sita: sahihisha pale panapopotosha

Kwa mtambo ambao fedha zake zinaingia kwa usawa, njia safi ni kuugawa uchakavu ili uchakavu na tozo kwa pamoja viwe kiasi kile kile kila mwaka, kama marejesho ya mkopo yanavyokuwa. Gawanya 400 kwa 2.9745, ambayo ni thamani ya leo ya moja kwa mwaka kwa miaka 4 kwa asilimia 13, upate 134.48. Mwaka wa kwanza tozo ni 52, hivyo uchakavu ni 82.48. Mwaka wa pili mtaji ni 317.52, tozo ni 41.28 na uchakavu ni 93.20, na kuendelea hivyo hadi mtaji unapokwisha mwaka wa nne. Faida ya kiuchumi inakuwa 5.52 katika kila mwaka. Sasa namba inasema kweli kuhusu mtambo tangu mwaka wa kwanza. Ubaya wake ni kwamba hesabu hii haiwezi kuingia katika vitabu rasmi, hivyo mhasibu atalazimika kuwa na daftari la pembeni. Kwa mitambo michache mikubwa kazi hiyo inafaa. Kwa mamia ya vifaa vidogo, haifai.

Mtego unaofanana na huu ni kufuta thamani ya mali kwa mkupuo. Kampuni yetu ikikiri kwamba jengo moja limepoteza thamani ya 300 na kulifuta vitabuni, mtaji unashuka na tozo inapungua kwa 39 kila mwaka unaofuata. Hasi 12 inageuka chanya 27, na hakuna boksi hata moja la ziada lililotengenezwa. Mara nyingi hasara yenyewe huwekwa kando kama jambo lisilo la kawaida, na hapo sharti la pili la Lücke linavunjwa. Unapopima waliotumia fedha hizo, rudisha 300 kwenye mtaji. Unapoamua iwapo jengo liuzwe leo, weka bei ambayo lingeuzwa leo, kwa kuwa fedha zilizokwisha kuzama haziwezi kurejeshwa na uamuzi wa sasa.

Hukumu ya namna hiyo hiyo inatumika kwa ziada ambayo kampuni ililipa juu ya thamani ya mali iliponunua kampuni nyingine. Ukiuliza kama ununuzi ulikuwa wa busara, ziada hiyo iingie katika mtaji bila kupunguzwa. Ukiuliza kama kiwanda kilichonunuliwa kinaendeshwa vizuri, iache nje, maana msimamizi wake hakuhusika kuilipa.

Kuutambua upandaji wa uongo katika kampuni nzima

Kwa kampuni nzima huna haja ya kurudia hesabu ya kila mtambo. Chukua gharama ya awali ya mali za kudumu na malimbikizo ya uchakavu wake, ambavyo kwa kawaida viko katika maelezo ya mizania, kisha gawanya cha pili kwa cha kwanza. Tuseme mitambo na majengo ya kampuni yetu yalinunuliwa kwa 2,000 na uchakavu uliolimbikizwa mwanzoni mwa mwaka ni 900. Uwiano ni asilimia 45.

Mwaka unapita bila kununua kitu, na uchakavu wa 150 unaongezeka. Uwiano unafika asilimia 52.5 na mtaji unashuka hadi 1,450. Mwaka unaofuata mauzo, gharama na faida vikibaki vile vile, tozo itakuwa 188.5, na faida ya kiuchumi itaonekana kuwa chanya 7.5. Imepanda kwa 19.5, na kiasi hicho ni asilimia 13 kamili ya 150 zilizochakaa.

Kwa hiyo kila unapoona faida ya kiuchumi imepanda, ikokotoe tena kwa mtaji wa mwaka uliotangulia. Hapa utapata 196 toa 208, yaani hasi 12 ile ile, na utajua kwamba upandaji wote ulitokana na kuzeeka kwa mali. Kama mtaji ulishuka kwa sababu wateja walilipa mapema au ghala lilipunguzwa, upandaji ni wa kweli, nawe utauona katika vipengele hivyo huku uwiano wa uchakavu ukiwa haukusogea sana. Pale bei zinapopanda kwa kasi, tofauti huwa kubwa zaidi, kwa sababu mali ya zamani imeandikwa kwa bei za zamani ilhali mauzo na kiwango cha tozo ni vya bei za leo.

Siku mitambo itakapobadilishwa, mtaji utaruka na faida ya kiuchumi itaanguka ghafla. Ukilinganisha mwaka huo na uliotangulia utamlaumu aliyenunua mitambo mipya. Rudi nyuma miaka minne au mitano, jumlisha faida ya kiuchumi ya kipindi chote baada ya kuileta kwenye thamani ya mwaka mmoja, na sehemu ya anguko hilo utaikuta imelimbikizwa katika miaka ambayo tozo ilikuwa ndogo kuliko ilivyostahili.